Neno "inatibu" halivuki kwenda Ujerumani

Maelezo yalinifikia kwa simu, yameandikwa bila nukta hata moja, na mwenyewe alikuwa akiyaonea fahari. Nikiyapanga kidogo yanasomeka hivi:

"Karibuni wateja wetu wapendwa! Jipatieni sabuni ya mwani na karafuu, sabuni bora kuliko zote Zanzibar. Ni ya asili asilimia mia, haina kemikali yoyote. Inatibu chunusi, fangasi, ukurutu na mba, inaondoa madoa na kung'arisha ngozi. Ukiitumia mara moja hutatamani nyingine. Imetengenezwa na akinamama kwa mapenzi makubwa. Bei poa, maongezi yapo. Wahini kabla hazijaisha! Kila kipande unachonunua kinamsaidia mama kusomesha mtoto."

Mwenye maelezo ni mama wa makamo anayeongoza kikundi cha wanawake katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Huko ndiko kilimo cha mwani cha biashara kilikoanzia mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mpaka leo mwani mwingi huuzwa mkavu, kwa kilo, kwa bei isiyomtajirisha aliyeshinda majini tangu maji kupwa. Kuusaga na kuutia kwenye sabuni ni njia ya kuupandisha thamani kabla haujaondoka kijijini. Mgeni mmoja wa Kijerumani, mwenye duka dogo la vitu vya nyumbani katika mji wa kaskazini mwa nchi yake, alinunua vipande kadhaa akiwa likizoni, akarudi kwao navyo, kisha akaandika kwamba angependa kuviuza kwenye tovuti yake. Kazi yangu ilikuwa kuyapeleka maelezo kwenye Kijerumani.

Niliifanya kwa dakika arobaini. Nilikuwa mwaminifu kwa kila neno, nikaituma, na kesho yake mwenye duka akanijibu kwa adabu kwamba hawezi kuweka hata sentensi moja. Sarufi haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba nilikuwa nimetafsiri maneno, na sikutafsiri kazi ambayo maneno yale yalikuwa yakiifanya.

Tuanze na "bora kuliko zote". Pita soko la Darajani asubuhi uhesabu ni vitu vingapi vilivyo bora kuliko vyote. Mchuuzi anayekuambia hivyo hakutoa madai anayotarajia kuapishwa. Anakukaribisha. Sifa ni sehemu ya salamu, na mnunuzi anaijua: anatabasamu, anashika bidhaa, anainusa, anauliza bei, na ukweli wenyewe unapatikana mkononi na katika uso wa muuzaji. Maneno ni mlango tu.

Kwenye tovuti ya Kijerumani hakuna uso wala mkono. Kuna maneno peke yake, na msomaji wake amezoea kuyashika kama ushahidi. Tangu 1964 nchi hiyo ina taasisi iitwayo Stiftung Warentest, iliyoanzishwa na serikali, ambayo kazi yake ni kununua bidhaa dukani, kuzipima maabara na kuzipa alama kama za shule, kutoka "sehr gut" hadi "mangelhaft". Vizazi viwili vimekua vikisoma alama hizo kwenye mashine ya kufulia na kwenye dawa ya meno. Mtu aliyelelewa hivyo akikutana na "die beste Seife Sansibars", yaani sabuni bora ya Zanzibar, swali lake la kwanza ni nani aliyepima, na zilishindana ngapi. Akikosa jibu, anafunga ukurasa. Pia sheria yao ya ushindani wa biashara inamtaka anayejitangaza kuwa wa kwanza aweze kuthibitisha.

Je, sifa ifutwe? Hapana. Ukifuta kila sifa unabaki na jina na bei, na hakuna anayenunua jina na bei. Nilichojifunza ni kwamba kila sifa ya Kiswahili ina jambo la kweli chini yake, ila muuzaji hakulisema kwa kuwa kwake ni la kawaida mno. Mfasiri hana budi kurudi kulichimba. Basi nikampigia Bi Mkubwa.

"Shikamoo, Bi. Nataka kukuuliza kuhusu sabuni."

"Marahaba, mwanangu. Uliza."

Nikamuuliza kwa nini ni bora. Akacheka. Nikamuuliza basi inatengenezwaje, na hapo ndipo hazina ilipofunguka. Yeye alikuwa akisema "tunapika sabuni", nami kwenye rasimu nilikuwa nimeandika "gesiedet", neno la sabuni iliyochemshwa. "Moto gani?" akaniuliza. "Hatutii moto sisi, tunakoroga tu." Kumbe ni njia ya baridi: mafuta ya nazi, maji na kostiki soda vinakorogwa mpaka uji uwe mzito, unatiwa unga wa mwani na mafuta ya karafuu, unamiminwa kwenye kasha la mbao. Kesho yake unakatwa. Kisha vipande vinaanikwa kivulini mwezi na nusu. Kijerumani kina neno lake kwa sabuni ya namna hiyo, "kaltgerührt", iliyokorogwa baridi, na wapenzi wa sabuni za mkono hulitafuta neno hilo hasa. Bi Mkubwa alikuwa na sifa yake kubwa kuliko zote na hakuwahi kuitaja, kwani kwake ndivyo sabuni inavyotengenezwa.

Maongezi hayo yakavunja na dai la "haina kemikali". Kostiki soda ni kemikali, tena kali, na bila yake mafuta hayageuki sabuni. Kwenye sabuni iliyokomaa haibaki ikiwa vipimo ni sahihi, lakini Mjerumani aliyesoma kemia ya sekondari akiona "ohne Chemie" atakucheka, na mwenzake atakuandikia. Nililitoa. Mahali pake niliweka jambo ambalo Mswahili hangeliandika hata kwa kuota: "ohne Palmöl", bila mafuta ya mawese. Kwetu mawese ni chakula cha Kigoma. Kwa mnunuzi wa Ujerumani neno hilo limefungamana na misitu ya Indonesia na Malaysia iliyokatwa kupisha mashamba, na wapo wanaogeuza kila kipande cha sabuni nyuma kusoma kama yamo. Sabuni ya Bi Mkubwa ni ya nazi. Kulisema hilo ni maneno mawili tu, na yanashawishi kuliko "asili asilimia mia".

Sasa neno lenyewe. "Inatibu chunusi, fangasi, ukurutu na mba" ndilo lililomtisha mwenye duka. Katika Umoja wa Ulaya sabuni ya mwili ni kipodozi, na vipodozi vinasimamiwa na kanuni namba 1223 ya 2009. Kipodozi kinaruhusiwa kusafisha, kunukiza, kubadili mwonekano, kulinda na kuitunza ngozi. Kutibu ni kazi ya dawa. Na sheria ya dawa ya Ujerumani haiangalii tu kilichomo ndani ya bidhaa. Inaangalia pia jinsi inavyotangazwa. Ukiandika "heilt Pilz", inatibu fangasi, umeigeuza sabuni kuwa dawa kwa neno moja, na dawa hiyo haina kibali.

Anayekukamata mara nyingi si polisi. Ni mshindani wako au chama cha wafanyabiashara, kupitia barua ya wakili iitwayo "Abmahnung". Barua hiyo inakutaka uondoe maneno, utie saini ahadi ya kutoyarudia, na ulipe gharama za wakili aliyekuandikia. Ukirudia baada ya kutia saini, unalipa faini uliyojifunga nayo mwenyewe. Kwa duka dogo, barua moja yaweza kula faida ya msimu. Ndiyo maana mwenye duka alikuwa mkali kuliko mimi. Yeye ndiye aliyekubali kuwa mwenye dhamana wa bidhaa hiyo ndani ya Ulaya, na ndiye aliyelipia ripoti ya usalama ambayo kila kipodozi lazima kiwe nayo kabla ya kuuzwa huko. Tafsiri nzuri haiwezi kuziba pengo la karatasi hizo. Mfasiri anayemwacha mteja wake aamini hivyo anamtia shimoni.

Niliona kwamba "inaitunza ngozi" ingetosha, kisha nikaiacha nayo, maana kila sabuni duniani inasema hivyo. Lakini lipo neno moja hapo ambalo ningependa kila mfasiri aliogope zaidi ya "inatibu", kwa sababu linaonekana halina hatia: kung'arisha. Bi Mkubwa alimaanisha ngozi safi yenye afya, iliyotakata. Kamusi ikanipa "aufhellen". Neno hilo kwa Kijerumani ni kufanya ngozi iwe nyeupe zaidi, na linamtupa msomaji moja kwa moja kwenye mikorogo ya kujichubua. Sabuni isiyo na ubaya wowote ingeingia sokoni na sura ya kitu kinachokamatwa bandarini.

Maneno mawili ya jina la sabuni nayo yalikuwa na mitego. Kwa mwani, mtu wa haraka anaandika "Seegras", kwa kuwa lina bahari na lina majani. Lakini "Seegras" ni majani ya baharini, yale yenye mizizi na maua, wanayoyajua wavuvi wa Unguja kwa jina lake tofauti na mwani. Wajerumani wa zamani walijazia magodoro kwa majani hayo. Mwani ni "Algen", na kwa sabuni "Meeresalgen", ili msomaji asifikirie utando wa kijani wa kwenye tangi la samaki.

Karafuu ni "Nelke". Tatizo ni kwamba "Nelke" pia ni ua, lile linalofungwa kwenye mashada ya siku ya wafanyakazi na ya mazishi. "Nelkenseife" peke yake inamfanya mtu anuse ua. Lazima iwe "Gewürznelke", karafuu ya kiungo. Na hata ukishaiandika sawasawa, harufu yenyewe haifiki kama ilivyotoka. Kwetu karafuu ni Pemba, ni majamvi yaliyoanikwa barazani, ni mali. Kwa Mjerumani karafuu ni Desemba: mkate wa viungo uitwao "Lebkuchen" na mvinyo wa moto kwenye masoko ya Krismasi. Kwa wenye umri mkubwa ni kitu kibaya zaidi, ni kiti cha daktari wa meno, kwa kuwa dawa za kuzibia meno zilitengenezwa kwa mafuta ya karafuu na harufu ile haisahauliki. Kwa hiyo sikuiacha karafuu peke yake. Nilitanguliza "warm und würzig", yenye joto na viungo, ili pua ya msomaji ielekee jikoni kabla haijakimbilia hospitali. Nikamshauri mwenye duka aiweke ukurasa wa mbele mwezi Novemba. Alikuwa ameshaamua hivyo.

Kwenye orodha ya viambato, kwa upande mwingine, mfasiri anaweka kalamu chini. Majina hayo ni ya kimataifa na hayatafsiriwi: mafuta ya nazi yaliyogeuka sabuni yanaandikwa "Sodium Cocoate" hata kama ukurasa wote ni Kijerumani, na "Eugenol" iliyomo kwenye karafuu inatajwa kwa jina lake, kwani wapo inaowawasha.

Kuhusu bei niliona aibu ya kweli. "Bei poa" nilikuwa nimeitafsiri "billig". Neno hilo linamaanisha rahisi, lakini limebeba dharau. Kitu "billig" ni kile kinachovunjika njiani kabla hujafika nyumbani. Kuna "günstig" na "preiswert" kwa bei nzuri. "Maongezi yapo" ilikuwa hatari zaidi. Wajerumani wana kifupi chake, "VB", na wanakijua wote, lakini kinakaa kwenye matangazo ya sofa na baiskeli zilizotumika. Sabuni yenye "VB" ni sabuni ambayo mtu ameshaogea. Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya mwaka 1933 iliyomzuia muuzaji wa dukani kumpunguzia mnunuzi wa kawaida zaidi ya asilimia 3 kwa malipo ya taslimu, nayo ilifutwa mwaka 2001 tu. Bei iliyoandikwa ndiyo bei.

Badala ya maneno hayo yote ya bei, ukurasa wa Kijerumani unataka hesabu. Bei iwe na kodi ndani yake, gharama ya posta itajwe, na pembeni iandikwe bei ya kilo, ili mtu aweze kulinganisha kipande kidogo na kikubwa. Hapo uzito ukatuumbua. Bi Mkubwa alisema kipande ni gramu 100, na hakudanganya: ndivyo kilivyo siku ya kukatwa. Lakini sabuni mbichi ina maji, na mwezi na nusu kivulini unayatoa. Mwenye duka alipopima vipande kumi kwenye mizani yake, chepesi kilikuwa gramu 91. Tukaandika 90. Kwa bei ya yuro 6.90, kilo inakuja yuro 76.67. Bi Mkubwa alipoona tarakimu hiyo alishika kichwa, akidhani hakuna atakayenunua. Wananunua. Wanaona sabuni za mkono za kwao kwa bei hizo hizo.

Swali la kumwita mnunuzi wewe au nani lilituchukua jioni nzima. Kiswahili hakina shida hii. "Utumie" ni ya mtoto na ya sheikh, na heshima inabebwa na shikamoo, na Bi, na bwana, na sauti. Kijerumani kinakulazimisha uchague kati ya "du" na "Sie", na ukichagua umeshamwambia msomaji wewe ni nani. Duka kama IKEA humwita kila mtu "du". Duka la dawa halithubutu. Vitu vya mkono vinaelekea "du" siku hizi, na mwenye duka ndivyo anavyozungumza na wateja wake, basi tukafuata hapo. Ubaya wa jambo hili hutokea baadaye: maelezo yanasema "du", halafu barua ya kuthibitisha oda, iliyoandikwa na mtu mwingine, inasema "Sie", na mteja anahisi amehamishiwa ofisi nyingine. Anayechagua "Sie" naye aangalie herufi kubwa. "Ihre Haut" ni ngozi yako kwa heshima, "ihre Haut" ni ngozi ya mwanamke mwingine usiyemjua.

Lililonitia mashakani kuliko yote ni sentensi ya mwisho, ya mama kusomesha mtoto. Ni kweli tupu. Lakini kwa Kijerumani inasikika kama bakuli la sadaka, na mtu aliyenunua kwa huruma hanunui tena, kwa kuwa ameshatoa. Wapo wauzaji wanaoiandika kwa namna nyingine: katika kila yuro, senti kadhaa zinakwenda kwa mtengenezaji. Nilimuuliza Bi Mkubwa kama anaweza kutaja kiasi kisichobadilika. Akafikiri, akasema hapana, kwani bei ya nazi inapanda na kushuka. Basi hatukuandika. Tulichoandika ni kazi yao wenyewe, wanavyovuna maji yakipwa, wanavyokausha na kusaga. Wanawake wale wakaonekana kama mafundi, na naona hapo ndipo penye heshima yao.

Baada ya rasimu nne, ukurasa ulisomeka hivi:

"Algenseife mit Gewürznelke, 90 g. Warm und würzig im Duft, kräftig im Schaum. Die Meeresalgen wachsen in der Lagune vor der Ostküste Sansibars, wo Frauen sie bei Ebbe von Hand ernten, trocknen und mahlen. Die Seife wird mit Kokosöl kalt gerührt, ohne Palmöl und ohne tierische Fette. Danach reift jedes Stück sechs Wochen an der Luft. So wird es fest und hält länger. Lass es nach dem Waschen gut abtropfen, dann hast du etwa fünf Wochen etwas davon. In Papier verpackt. 6,90 € (76,67 €/kg) inkl. MwSt., zzgl. Versand."

Yaani: sabuni ya mwani na karafuu, harufu yenye joto na viungo, povu jingi. Mwani unaota kwenye bwawa la bahari la pwani ya mashariki ya Zanzibar, wanawake wanauvuna kwa mkono maji yakipwa, wanaukausha na kuusaga. Sabuni inakorogwa baridi kwa mafuta ya nazi, bila mawese wala mafuta ya wanyama, kisha inakomaa wiki sita ili iwe ngumu na idumu. Ukiiacha ichuruzike maji baada ya kunawa, utakuwa nayo wiki tano hivi. Hizo wiki tano si makisio yangu. Mwenye duka aliweka kipande kwenye sinki la jikoni kwake, akaandika tarehe ukutani.

Nilipomsomea Bi Mkubwa tafsiri hiyo kwa Kiswahili alinyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "hii ni sabuni yangu au cheti chake cha kuzaliwa?" Nikamwambia kule wananunua kwa cheti. Maelezo yake ya Kiswahili yamebaki vilevile kwa wateja wa Unguja, isipokuwa "inatibu" ameitoa mwenyewe, bila kuombwa.

Nawe msomaji mwenye kabati, kikapu au asali unayotaka kuiuza Ujerumani, kabla hujamtafuta mfasiri pima bidhaa yako leo, uipime tena baada ya wiki sita, na uandike namba zote mbili.